Fronti: Mpaka wa Hewa na Mistari ya Mgandamizo katika Ramani

Ramani ya hali ya hewa iliyochorwa London, Oslo au Cape Town ina mistari ya aina mbili. Ya kwanza ni myembamba, imejipinda na kuzungukana, na kila mmoja una namba yake: 1004, 1008, 1012. Ya pili ni minene na michache, nayo imebandikwa pembetatu au nusu duara. Ile myembamba ina jina la Kiswahili linaloeleweka mara moja, yaani mistari ya mgandamizo sawa. Vitabu vya shule husema pia kanieneo, lakini mgandamizo ndilo neno la taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na ndilo lililozoeleka masikioni. Ile minene ndiyo yenye shida. Kwa jina la kigeni ni fronti, na Kiswahili kina njia tatu za kulipokea: kulichukua lilivyo, kulifasiri kwa maana yake ya kivita na kusema mstari wa mbele, au kukitaja kitu chenyewe na kusema mpaka wa hewa. Hoja ya makala haya ni kwamba njia ya tatu ndiyo bora, kwa sababu ndiyo inayomfundisha msomaji namna ya kuisoma ramani. Anayeuona mstari ule kama mpaka atauliza kuna hewa gani upande huu, kuna gani upande wa pili, na mpaka unaelekea wapi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo utabiri.

Tuanze na mistari myembamba, maana mipaka ya hewa haisomeki bila hiyo. Hewa ina uzito, na mgandamizo wa uzito huo hupimwa kwa hektopaskali. Vituo vilivyo milimani husoma mgandamizo mdogo kwa sababu tu viko juu, hivyo kila kipimo hurekebishwa kiwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Baada ya hapo mchoraji huunganisha sehemu zenye kipimo kimoja, kwa kawaida kila baada ya hektopaskali 4. Mistari inapozunguka namba zinazoshuka, katikati pana kitovu cha mgandamizo mdogo. Inapozunguka namba zinazopanda, pana kitovu cha mgandamizo mkubwa. Upepo hautoki moja kwa moja penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo. Mzunguko wa dunia huupinda hadi ukafuata mistari yenyewe, huku ukiegemea kidogo upande wa mgandamizo mdogo. Mwaka 1857 Mholanzi Buys Ballot alieleza kanuni inayotumika mpaka leo: katika kizio cha kaskazini, ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko kushoto kwako. Katika kizio cha kusini uko kulia. Nguvu ya upepo nayo husomwa katika nafasi iliyopo kati ya mistari. Kwenye latitudo ya London, mistari miwili inayopishana kwa hektopaskali 4 ikiwa kilomita 200 mmoja kutoka mwingine, upepo ulio juu kidogo ya ardhi hufika kilomita 50 hivi kwa saa. Nafasi ikiongezeka maradufu, upepo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mahali mistari ilipobanana pana upepo mkali, na ilipoachana pametulia.

Mistari hiyo peke yake ilitumika kwa miongo mingi kabla ya fronti kugunduliwa, na ilitabiri vibaya. Watabiri wa karne ya 19 walijua kuwa mgandamizo mdogo huleta mvua, lakini hawakujua kwa nini mvua hiyo hunyesha katika mikanda badala ya kusambaa sawasawa kuzunguka kitovu. Jibu lilipatikana Bergen, Norwei. Vilhelm Bjerknes alihamia huko mwaka 1917, na kwa kuwa vita vilikuwa vimekata taarifa za hali ya hewa kutoka nchi jirani, alifungua vituo vingi vya kupima kwenye pwani ya magharibi. Vituo vilipokaribiana, vilionyesha kitu ambacho vituo vilivyo mbalimbali visingeweza kukionyesha: joto halikubadilika polepole kutoka kusini kwenda kaskazini, bali lilibadilika ghafla kwenye mstari mwembamba. Mwaka 1919 mwanawe, Jacob Bjerknes, alichapisha maelezo ya tufani linalosafiri likiwa na mistari miwili ya namna hiyo, na Tor Bergeron akaonyesha jinsi mmoja unavyoufikia mwingine na kuungana nao. Jina la fronti lilifuata muda mfupi baadaye, likiazimwa kwenye Vita Kuu ambavyo Ulaya ilikuwa imetoka tu kuvipigana. Waliolitoa jina hilo walikuwa wakifikiria majeshi mawili yanayosukumana. Lakini walichokipima vituoni kilikuwa mpaka: hewa ya aina moja upande huu, hewa ya aina nyingine upande ule, na kati yao ukanda mwembamba ambamo joto, unyevu na upepo hubadilika kwa pamoja.

Tukishika wazo la mpaka, alama zote za ramani zinafuata utaratibu mmoja. Mpaka hupewa jina la hewa inayoingia, nayo meno yake huelekea huko unakokwenda. Mstari wa buluu wenye pembetatu ni mpaka wa baridi, yaani nyuma yake hewa baridi inasonga mbele na kuchukua nafasi ya hewa ya joto. Mstari mwekundu wenye nusu duara ni mpaka wa joto. Wa zambarau wenye pembetatu na nusu duara upande mmoja ni mpaka ulioungana: ule wa baridi umeufikia ule wa joto, na hewa ya joto iliyokuwa kati yao imenyanyuliwa kutoka ardhini. Alama zikipishana, pembetatu upande huu na nusu duara upande wa pili, huo ni mpaka tuli, ambapo hakuna hewa inayoishinda nyingine. Tofauti ya mvua za mipaka hii hutokana na umbo lake angani. Hewa baridi ni nzito, hivyo kwenye mpaka wa baridi huingia chini ya hewa ya joto kama kabari na kuirusha juu kwa haraka. Mvua yake huwa kali, nyembamba na ya muda mfupi. Kwenye mpaka wa joto, hewa ya joto hupanda polepole juu ya hewa baridi inayorudi nyuma, kwa mteremko wa kilomita moja kwenda juu kwa kila kilomita 100 hadi 300 kwenda mbele. Ndiyo maana mawingu membamba ya juu huonekana nusu siku au zaidi kabla mpaka haujafika, yakifuatiwa na mawingu mazito, kisha mvua tulivu ya saa nyingi.

Thamani ya usomaji huu ilionekana Juni 1944, katika utabiri mmoja unaojulikana kuliko wote. Majeshi ya Washirika yalikuwa tayari kuvuka Mfereji wa Kiingereza na kutua Normandi. Mbalamwezi na maji kupwa alfajiri viliruhusu tarehe 5, 6 au 7. Ikishindikana, ingebidi kungoja karibu wiki mbili. James Stagg, mshauri mkuu wa hali ya hewa wa Jenerali Eisenhower, alikuwa na vikundi vya watabiri visivyokubaliana. Kikundi cha Wamarekani, kilichoongozwa na Irving Krick, kilitafuta katika kumbukumbu za miaka iliyopita ramani zinazofanana na ya siku ile, na kikaiona tarehe 5 kuwa inafaa. Sverre Petterssen, Mnorwei aliyelelewa katika mafundisho ya Bergen, alifuatilia mwendo wa mifumo yenyewe juu ya Atlantiki na kuonya kwamba siku hiyo upepo na mawingu ya chini yangezuia kila kitu. Taarifa za Blacksod, kituo kilicho kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Ayalandi, zilionyesha mgandamizo ukishuka upesi, na alfajiri ya tarehe 4 Eisenhower aliahirisha. Mchana wa siku hiyohiyo Blacksod ilituma habari tofauti: mvua imekatika, mgandamizo unapanda. Mpaka wa baridi ulikuwa umepita.

Hapo ndipo hesabu ya mpaka inapoanza kufanya kazi. Kutoka Blacksod hadi pwani ya Normandi ni kilomita 800 hivi. Tuseme mpaka unakwenda kilomita 50 kwa saa; utahitaji saa 16, na kama ulipita Blacksod mchana wa tarehe 4, utakuwa umevuka Mfereji kufikia alfajiri ya tarehe 5. Lakini kupita kwa mpaka hakumaanishi bahari imetulia. Nyuma ya mpaka wa baridi mistari ya mgandamizo mara nyingi bado imebanana, na upepo wa magharibi hubaki mkali kwa saa kadhaa. Ilibidi kutazama nyuma zaidi, ambako mgongo wa mgandamizo mkubwa ulikuwa ukijitokeza kati ya tufani lililopita na lile lililokuwa likija. Humo mistari iliachana, kwa hiyo upepo ungelegea na mawingu yangetawanyika kiasi. Tarehe 5 ingekuwa mbaya, tarehe 6 ya kuvumilika. Usiku wa tarehe 4 Stagg alimweleza Eisenhower hivyo, na alfajiri ya tarehe 5 amri ya mwisho ikatolewa. Wajerumani, ambao hawakuwa na vituo vya kutosha upande wa Atlantiki, hawakuiona nafasi hiyo vizuri, na Rommel alikuwa amekwenda nyumbani kwake. Tarehe 6 bahari ilikuwa na mawimbi na mawingu hayakuisha, lakini majeshi yalitua. Wangengoja hadi tarehe 19 wangekutana na tufani kubwa lililodumu siku kadhaa na kuvunja bandari ya muda iliyokuwa imejengwa pale. Ramani zinazofanana kwa sura zilimdanganya Krick, maana sura haisemi mfumo unakwenda kasi gani. Aliyeuliza mpaka uko wapi saa hii, unakwenda kwa kasi gani, na kuna nini nyuma yake, ndiye aliyepata jibu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya neno mpaka ni kwamba mpaka hukaa mahali pake. Mpaka wa shamba au wa nchi hauhami, ilhali fronti kutotembea kwake ni nadra. Pingamizi hilo lina uzito, lakini Kiswahili chenyewe hakilazimishi mpaka kuwa wa jiwe. Tunasema mipaka ya mamlaka, na mpaka wa jangwa unaosogea mwaka hadi mwaka, wala hakuna anayeshangaa. Zaidi ya hayo, mwendo haukai ndani ya jina. Uko kwenye meno ya alama, na ni ule usiotembea pekee unaohitaji kupewa sifa ya tuli. Pingamizi la pili ni la wataalamu: fronti si mstari bali ni uso unaoinama, wenye kimo cha kilomita kadhaa, na ukanda wake ardhini una upana wa makumi ya kilomita. Ni kweli, ila upungufu huo uko kwenye mchoro kabla haujafika kwenye lugha. Neno lolote litakalochaguliwa litahitaji maelezo hayo, na mpaka hauyazuii, kwa kuwa mpaka kati ya maji na mafuta nao ni uso. Pingamizi la tatu ni kwamba fronti ni neno la kimataifa, fupi, na mwanafunzi atalikuta katika kila kitabu. Hakuna sababu ya kulifukuza. Linaweza kubaki kama neno la kitaalamu, lakini anayelisikia kwa mara ya kwanza hapati chochote ndani yake, na ndiyo maana huishia kulichukua kama jina jingine la mvua. Mipaka mingi hupita bila tone la mvua pale hewa inapokuwa kavu, na mvua nyingi hunyesha mbali na mpaka wowote.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba jambo hili halituhusu: Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hazina fronti. Kwa sehemu kubwa ni sahihi, na sababu yake inastahili kuelezwa. Nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe haipo. Ile nafasi ya kilomita 200 kati ya mistari, ambayo London huleta upepo wa kilomita 50 kwa saa, kwa hesabu hiyohiyo kwenye latitudo ya Dar es Salaam ingetoa upepo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hali ya namna hiyo haikai. Hewa hukimbilia penye upungufu kabla tofauti haijakua, isipokuwa ndani ya kimbunga. Kwa hiyo mistari yetu huwa michache na imeachana sana. Tena, katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifika kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na badiliko hilo la hektopaskali chache mara nyingi huzidi tofauti iliyopo kati ya jana na leo. Mtabiri wa Afrika Mashariki akitegemea mistari ya mgandamizo peke yake atakuwa anaisoma saa badala ya hali ya hewa. Hivyo huchora mtiririko wa upepo na kutafuta makutano yake.

Lakini hapo ndipo penye ushahidi ulio karibu nasi kwamba jina la kitu hiki lina matokeo. Mafundisho ya Bergen yalipoenea duniani, watabiri waliupa ukanda wa mvua unaozunguka ikweta jina la fronti ya tropiki, kwa kuwa nao ni mahali pepo mbili zinapokutana. Wakautarajia uwe na tabia za fronti: mstari mmoja ulio wazi, hewa mbili zenye joto tofauti, mvua inayofuata mstari unaposogea. Haukuwa hivyo. Pepo za kaskazini na za kusini zinazokutana juu ya bahari ya tropiki zina joto linalokaribiana, hivyo hakuna kabari ya hewa baridi ya kuinua nyingine. Mvua huzuka katika mafungu ya mawingu yanayokua na kufa, wala hazipangani kwenye mstari. Jina lile liliachwa, na leo taarifa za Kiswahili zinasema ukanda mvua na makutano ya upepo, maneno sahihi kwa sababu yanataja kinachotokea. Kigezo kilichouondoa ukanda mvua kwenye orodha ya fronti ni kilekile kinachotetea neno mpaka: palipo na hewa mbili zisizofanana pana mpaka, na pasipo na tofauti hiyo hakuna. Hata hivyo hatujatengwa kabisa na mipaka ya mbali. Mpaka wa baridi unapovuka Afrika Kusini, mara nyingi mgandamizo mkubwa huimarika nyuma yake na kuongeza nguvu ya upepo wa kusi unaoingia pwani yetu. Mpaka wenyewe haufiki Mtwara, lakini msukumo wake unaweza kufika.

Swali linalobaki ni umbali ambao ramani hizi zinaweza kuaminiwa. Ramani ya leo ina vipimo, ya kesho ni hesabu ya kompyuta iliyoanzia kwenye vipimo hivyo. Kwa siku moja au mbili, mahali pa mpaka huwa na kosa la saa chache. Ifikapo siku ya nne au ya tano, mpaka uliochorwa juu ya mji unaweza kuupita nusu siku mapema au kuukosa kabisa, na hapo kinachofaa kusomwa ni mpangilio mpana: vitovu vinafuatana haraka au vimekwama, mistari imebanana au imeachana. Mwenye simu anaweza kuuliza faida ya yote haya iko wapi, ikiwa kioo kinamwonyesha picha ya wingu na asilimia ya mvua. Faida iko pale utabiri unapokosea. Picha ya wingu iliyoandikiwa saa tisa mchana haisemi nini cha kutazama mvua isipokuja. Aliyesoma ramani anajua: kabla ya mpaka wa baridi, katika Ulaya ya kaskazini-magharibi, upepo hutoka kusini au kusini-magharibi, hewa ni vuguvugu na mgandamizo unashuka; mpaka unapopita, upepo hugeuka ghafla kuwa wa magharibi au kaskazini-magharibi, mgandamizo huanza kupanda na kipimajoto hushuka. Ikiwa bado upepo ni wa kusini, mpaka umechelewa na mvua bado iko njiani. Ikiwa umegeuka na anga limetakata, mpaka umepita bila mvua, na hakuna haja ya kuendelea kuingoja.

Kwa sababu hizo, mwalimu, mtangazaji au mwandishi wa kamusi anaweza kuanza na mpaka wa hewa kama jina la jumla, na chini yake mpaka wa baridi, mpaka wa joto, mpaka ulioungana na mpaka tuli, kila moja likifafanuliwa kwa hewa inayoingia. Neno fronti liandikwe kando yake kwa ajili ya wasomaji wa vitabu vya kitaalamu. Mstari wa mbele uachwe, kwani unaleta picha ya vita bila kusema nani yuko upande gani. Kipimo cha istilahi hizi kiwe ni kazi zinayoifanya: mwanafunzi apewe ramani mbili zilizopishana kwa saa sita, apime umbali ambao mpaka umetembea, aseme utafika lini mji uliotajwa, na aeleze upepo, joto na mgandamizo vitakavyobadilika hapo. Akiweza kufanya hivyo kwa Kiswahili bila kuazima neno ambalo hawezi kulieleza, istilahi imefika.